Miundo ya Kusudi na Tokeo katika Machaguo ya Mtihani wa Kiingereza: Ufafanuzi wa Kisarufi kwa Kumzingatia Mwanafunzi wa Mtunda, Wilaya ya Kibiti

1. Utangulizi

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili katika Kata ya Mtunda alikosa alama moja kwa kuchagua jibu lililo sahihi. Jaribio lilikuwa la ndani, lililotungwa na walimu wa somo la Kiingereza, na swali lenyewe lilikuwa la kuchagua. Sentensi yake ilimhusu msichana aliyeamka mapema ili auwahi mtumbwi wa kwanza. Mwongozo wa usahihishaji ulitambua chaguo A, "in order to", kuwa jibu. Mwanafunzi alichagua B, "so as to". Karatasi iliporudishwa, alisimama na kuuliza: "Mwalimu, yote mawili si ni 'ili'?" Aliyeweka alama ya kosa kwenye karatasi hiyo ni mwandishi wa makala hii, na siku hiyo hakuwa na jibu la kuridhisha.

Makala hii inakusudia kulijibu swali hilo. Hoja yake kuu ni kwamba, kwa mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili, maana peke yake haiwezi kumtenganishia machaguo ya aina hii, kwa kuwa Kiswahili huyakusanya mengi kati yake chini ya neno moja. Kinachoyatenganisha ni umbo la maneno yanayofuata baada ya pengo. Kutokana na hoja hiyo yanafuata mambo mawili: mwanafunzi anahitaji kufundishwa kutazama upande wa kulia wa pengo, na mtungaji wa swali anawajibika kuhakikisha kwamba upande huo unaruhusu chaguo moja tu.

Mtunda ni kata ya Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, kwenye ukingo wa delta ya Mto Rufiji. Lugha ya wazee wengi wa eneo hili ni Kindengereko, ambacho Eva-Marie Ström alikichunguza katika tasnifu yake ya mwaka 2013 katika Chuo Kikuu cha Gothenburg. Hata hivyo, lugha ya darasani katika shule za msingi za umma ni Kiswahili, na mwanafunzi huingia kidato cha kwanza, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, akiwa na sarufi ya Kiswahili kama kipimo chake cha kwanza cha lugha yoyote ngeni. Sentensi za mfano katika makala hii zimetungwa na mwandishi na hazikunukuliwa kutoka katika mtihani wowote wa taifa.

2. Kusudi: neno moja la Kiswahili, miundo miwili ya Kiingereza

Katika Kiswahili, kusudi huelezwa kwa kiunganishi "ili" kikifuatwa na kitenzi cha dhamira tegemezi, yaani kitenzi ambacho irabu yake ya mwisho "a" hugeuka "e". Tuchukue sentensi mbili:

(1) Asha aliamka alfajiri ili apate mtumbwi.
(2) Asha aliamka alfajiri ili mama yake apumzike.

Katika sentensi ya kwanza, aliyeamka ndiye atakayepata mtumbwi. Kiima ni kimoja. Katika ya pili, aliyeamka ni Asha na atakayepumzika ni mama. Viima ni viwili. Pamoja na tofauti hiyo, muundo haukubadilika. Kiambishi nafsi "a-" kimo katika vitenzi vyote viwili, dhamira tegemezi imo kote kuwili, na "ili" ni ileile.

Kiingereza hakifanyi hivyo. Kiima kikiwa kimoja, kinaruhusu "in order to" au "so as to", na kinachofuata ni kitenzi kitupu, bila kiima wala kiashiria cha wakati: "Asha woke up early in order to catch the canoe." Viima vikiwa viwili, njia ya kawaida ni "so that", na kinachofuata ni kishazi kamili chenye kiima chake na, mara nyingi, kitenzi kisaidizi kama "can", "could", "will" au "would": "Asha woke up early so that her mother could rest." Muundo wa "so that" unaweza kutumika pia pale kiima kilipo kimoja, ilimradi kiima hicho kitajwe upya: "so that she could catch the canoe."

Hapa ndipo mwanafunzi wa Mtunda anapokwama. Kwake kiima hakipotei kamwe baada ya "ili", kwa kuwa kimo ndani ya kitenzi chenyewe. Hana sababu ya kuhisi kwamba kitenzi "catch" kilichosimama peke yake kinadai kiunganishi tofauti na kile kinachodaiwa na "she could catch". Akitafsiri, zote mbili ni "ili apate".

Hata hivyo, Kiswahili kina umbo jingine linaloweza kumsaidia. Wasemaji wengi husema pia "Asha aliamka alfajiri ili kupata mtumbwi", wakitumia kitenzijina badala ya dhamira tegemezi. Wapo walimu wa sarufi wanaoukosoa muundo huu, lakini matumizi yake ni mapana, katika mazungumzo na katika maandishi. La msingi ni kwamba umbo hili hukubalika pale tu kiima kinapokuwa kimoja. Hakuna asemaye "Asha aliamka alfajiri ili mama yake kupumzika". Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kujiuliza: je, sentensi hii naweza kuisema kwa "ili ku-"? Ikiwa haiwezekani, machaguo yote yanayoishia na "to" yameondoka. Ikiwa inawezekana, machaguo hayo yamebaki, na hukumu inatolewa na kile kinachofuata pengo: kitenzi kitupu au kishazi kamili.

Jambo la pili katika kusudi ni wakati. Dhamira tegemezi ya Kiswahili haibebi wakati: twasema "anaamka ili apate" na "aliamka ili apate", kitenzi cha pili kikiwa vilevile. Kiingereza, kwa kawaida, hutaka kitenzi kisaidizi kiendane na wakati wa kishazi kikuu: "wakes up … so that she can", lakini "woke up … so that she could". Mtungaji anayeweka "can" na "could" miongoni mwa machaguo yake ajue kwamba anapima jambo hili la wakati, wala hapimi tena kiunganishi cha kusudi.

3. Tokeo: mahali ilipo nomino

Upande wa tokeo, Kiswahili hutumia "hata", "mpaka", "kiasi kwamba" au "hivi kwamba", na kitenzi kinachofuata hubaki katika dhamira arifu, kwa kuwa jambo limekwisha kutokea:

(3) Mzigo ulikuwa mzito mno hata punda akagoma kwenda.
(4) Ulikuwa mzigo mzito mno hata punda akagoma kwenda.

Sentensi hizi mbili zinatofautiana kidogo sana. Katika ya kwanza "mzigo" ni kiima na "mzito" kimesimama peke yake baada ya kitenzi. Katika ya pili "mzigo mzito" ni kirai kimoja. Maneno yanayobeba tokeo, "mno hata", hayakuguswa na badiliko hilo. Katika Kiingereza badiliko hilohilo ndilo linaloamua kila kitu:

(5) The load was so heavy that the donkey refused to move.
(6) It was such a heavy load that the donkey refused to move.

Kivumishi kikisimama bila nomino baada yake, tunatumia "so". Kivumishi kikifuatwa na nomino, tunatumia "such", na kama nomino hiyo ni ya umoja na inahesabika, kibainishi "a" au "an" huingia kati. Nomino ikiwa ya wingi au isiyohesabika, kibainishi hakiingii: "such old canoes", "such dirty water". Ipo hali moja inayovunja mpangilio huu. Maneno ya kiasi "many", "much", "few" na "little", hili la mwisho likiwa na maana ya uchache, hutanguliwa na "so" hata kama nomino inafuata, kama katika "so many prawns that the basket broke".

Ugumu kwa mzungumzaji wa Kiswahili una tabaka mbili. La kwanza ni mpangilio wa maneno: kwetu nomino hutangulia kivumishi, hivyo tunapofika kwenye "mzito" nomino imekwisha kupita na haituhusu tena. Katika Kiingereza nomino huja mwishoni, na msomaji wa swali hana budi kulipita pengo na kukipita kivumishi ili aione. La pili ni kuhesabika. Kiswahili hakina kibainishi kinacholingana na "a", na mfumo wake wa ngeli hauigi mgawanyo wa Kiingereza. "Ushauri mzuri" una upatanisho wa umoja, kama ulivyo "mkuki mzuri", na kwa hiyo mwanafunzi huandika "such a good advice" kwa mantiki isiyo na dosari ndani ya lugha yake. Kosa lake linatokana na neno "advice", ambalo Kiingereza hakilihesabu. Maana ya tokeo ameielewa vema.

4. Mfano wa swali linalofanya kazi, na lisilofanya kazi

Tuanze na swali lililozua makala hii, likiwa limeandikwa upya kwa karibu na lilivyokuwa:

Asha woke up early ____ catch the first canoe.
A. in order to
B. so as to
C. so that
D. such that

Upande wa kulia wa pengo ni "catch", kitenzi kitupu. C na D vinadai kishazi kamili, hivyo vinaanguka. A na B vyote vinakubali kitenzi kitupu, kiima ni kimoja, na maana ni ileile. Swali lina majibu mawili. Mwongozo ulipotaja A peke yake, ulimwadhibu mwanafunzi aliyejua muundo wa pili, na pengine aliyejua yote miwili akalazimika kubahatisha. Alama iliyopotea haikueleza lolote kuhusu Kiingereza chake.

Sasa tulitazame jaribio la kulirekebisha:

The boatman tied the canoe firmly ____ the tide would not carry it away.
A. in order to
B. so that
C. so as to
D. such a

Baada ya pengo kuna kiima kipya, "the tide", na kitenzi kisaidizi, "would". Kwa Kiswahili tungesema "ili maji yasiuchukue". "Ili maji kutouchukua" haisemeki. A na C vinaanguka kwa sababu hiyo. D inadai kivumishi na nomino, si kishazi. Jibu ni B peke yake, na swali limekuwa halali.

Halali, lakini bado lina udhaifu. A na C ni visawe. Mwanafunzi mwerevu anajua kwamba swali lina jibu moja, na kwamba maneno mawili yenye kazi ileile hayawezi yote kuwa jibu. Atayafuta yote mawili bila hata kuisoma sentensi. Anabaki na mawili, na uwezekano wa kupata kwa kubahatisha unapanda kutoka robo hadi nusu. Ni afadhali C ibadilishwe iwe "because of", ambayo pia hugusa eneo la sababu na kusudi lakini hudai nomino baada yake. Wenye haraka wataiona "the tide" na kudhani imetosheka. Aliyesoma mpaka "would not carry" ataona kwamba haitoshi. Kipotoshi cha namna hii humpima msomaji juu ya jambo lilelile linalofundishwa, yaani kuusoma upande wa kulia hadi mwisho.

Kwa upande wa tokeo, swali lifuatalo halina tatizo la majibu mawili:

It was ____ heavy load that the donkey refused to move.
A. so
B. so a
C. such
D. such a

Jibu ni D. Ubora wake ni kwamba kila kipotoshi kinasimulia jambo tofauti kuhusu aliyekichagua. Aliyechagua A ametafsiri "mno" na hakuiona nomino "load". Aliyechagua B ameiona nomino na amejua kwamba kibainishi kinahitajika, ila amekibandika kwenye neno lisilofaa. Mtungaji akumbuke kwamba Kiingereza rasmi kina mpangilio "so heavy a load", ambamo "a" huja baada ya kivumishi, lakini pengo hapa lipo kabla ya kivumishi na haliuruhusu. Aliyechagua C amejua kazi ya "such" na amekosea kibainishi peke yake. Wote watatu wanapata sifuri. Mwalimu akihesabu herufi zilizochaguliwa badala ya kuhesabu waliokosa tu, atajua kama somo linalofuata liwe la mpangilio wa kirai au la nomino zinazohesabika.

5. Mpaka kati ya kusudi na tokeo

Umbo moja linahitaji tahadhari ya ziada, nalo ni "so that", kwa kuwa Kiingereza hulitumia kwa kusudi na, mara chache zaidi, kwa tokeo. Linganisha:

(7) The teacher spoke slowly so that we could understand.
(8) The river rose in the night, so that we lost the rice.

Ya saba ni kusudi. Ya nane ni tokeo, kwa maana mto haukufurika kwa nia ya kumpotezea mtu mpunga. Wanaolima mabondeni mwa Rufiji hawahitaji kuelezwa tofauti hiyo. Kiswahili nacho huibainisha wazi kuliko Kiingereza: ya saba ni "ili tuelewe", na ya nane ni "hata tukaupoteza mpunga". Kiunganishi kimebadilika, na dhamira ya kitenzi pia imebadilika. Hapa lugha ya kwanza ya mwanafunzi inamtangulia Kiingereza, na mwalimu anayemzuia asitafsiri kichwani anamnyang'anya kipimo kizuri alichonacho. Aliyeisoma sentensi ya nane na kujikuta anataka kusema "ili tuupoteze mpunga" atasikia mwenyewe kwamba kuna kitu hakijakaa sawa.

Kwa mtungaji, tahadhari ni kutoweka "so that" na "in order that" pamoja mbele ya kishazi chenye "could" au "would", kwa kuwa vyote viwili vitakubalika. Hali ni hiyohiyo kwa "so that" na "so" peke yake, ambayo katika Kiingereza cha kawaida huweza kubeba kusudi. Njia rahisi ya kujikagua ni kuisoma sentensi nzima mara nne, kila mara kwa chaguo mojawapo, na kumpa mwalimu mwenzako afanye vivyo hivyo bila kumwonesha jibu. Pale anaposita baina ya machaguo mawili, mwanafunzi aliyesoma vizuri atasita pia.

6. Kikomo cha swali la kuchagua

Hata likitungwa vema, swali la kuchagua linapima utambuzi, halipimi uundaji. Mwanafunzi aliyechagua "such a" kwa usahihi anaweza bado kuandika "such heavy load" katika insha. Kwa sababu hiyo zoezi la kuandika upya sentensi kwa kufuata maelekezo lina nafasi yake: "The load was very heavy. The donkey refused to move" iunganishwe mara moja kwa "so … that" na mara ya pili kwa "such a … that", kwa kuanza na "It was". Zoezi hili linamlazimu mwanafunzi kuihamisha nomino kutoka mwanzo wa sentensi hadi baada ya kivumishi. Uhamisho huo ndio ambao Kiswahili hakimdai, na ndio ambao swali la kuchagua humfanyia tayari.

Makala hii haikupima ni wanafunzi wangapi hufanya kosa lipi. Imefafanua kwa nini kila kosa lina mantiki yake, ili atakayepima baadaye ajue herufi zipi za kuhesabu.

7. Hitimisho

Mwanafunzi aliyeuliza kama yote mawili si "ili" alikuwa sahihi mara mbili: kuhusu Kiswahili, na kuhusu swali lile. Jibu alilostahili kupewa ni kwamba ndiyo, yote ni "ili". Kwamba tofauti baina ya machaguo ya kusudi hutafutwa katika kiima na kitenzi kinachofuata pengo, na baina ya machaguo ya tokeo hutafutwa katika nomino. Na kwamba katika sentensi ile, baina ya A na B, tofauti hiyo haikuwepo. Karatasi yake ilisahihishwa upya pamoja na za wenzake waliochagua B, na swali likaondolewa katika hazina ya maswali ya idara.